Katibu amenitumia rasimu ya muhtasari "kwa kuthibitisha tu", nami nimeisikiliza rekodi yote

Mjumbe wa Benchi la Nyuma: Ndugu wajumbe, nina hasira. Katibu wa chama chetu cha ushirika amenipa rasimu ya mkutano mkuu niisaini, na nilipoilinganisha na sauti iliyorekodiwa kwa simu nimekuta mambo mawili yasiyovumilika.

La kwanza ni fedha za paa la ghala. Mhazini anasikika akisema "milioni mbili na mia tano", na katibu ameandika shilingi 2,000,500, kana kwamba kuna fundi anayedai vishilingi mia tano vya nyongeza. Dakika chache baadaye mhazini huyo huyo anasema nusu italipwa mwanzoni, "yaani milioni moja na robo". Mara mbili ya hiyo ni 2,500,000, na ndicho kiasi kilichomo kwenye ankara kifani.

La pili ni kura. Rasimu inasema waliokubali 61, waliokataa 46, wasiopiga 5, jumla 112, sawasawa na daftari la mahudhurio. Lakini baada ya saa moja na dakika arobaini mwenyekiti anaagiza mikono ihesabiwe upya, na anatangaza 58, 49 na 4. Katibu ameandika hesabu iliyofutwa! Tena ameandika malipo yafanyike "Jumamosi ijayo" bila tarehe. Atakayesoma mwakani ataijuaje?

Mzee wa Hesabu: Kijana, 58, 49 na 4 ni 111, nawe unasema daftari lina 112. Hesabu inayolingana na daftari ndiyo sahihi.

Mama Kikoba: Kwetu mtu alikopa laki tatu ikaandikwa thelathini elfu. Je, rekodi inakubalika mahakamani?

Katibu Mstaafu: Mama, hilo ni la wakili. Mzee wangu, daftari huonyesha walioingia, halionyeshi waliokuwa ukumbini wakati wa kura. Mwandishi, rudi nyuma kidogo kwenye rekodi usikilize kama kuna aliyeomba udhuru kabla ya hesabu ya pili. Hata hivyo, rekodi haioni mikono: inathibitisha kilichotangazwa tu, kwa hiyo tafuta karatasi za wahesabu kura. Hiyo ni rasimu, basi mpe katibu masahihisho kwa maandishi, ukitaja dakika ya kila kosa. Muhtasari ukishasainiwa, marekebisho yatalazimika kupitishwa na kikao kijacho, nayo yaandikwe humo.

Mjumbe wa Benchi la Nyuma: Nimerudi nyuma, shikamoo mzee. Kuna sauti inasema "naomba ruhusa, gari linaniacha", mwenyekiti anaitikia, kisha ndipo mikono inahesabiwa. Huyo ndiye wa 112. Masahihisho nimeyaandika. Kuhusu karatasi za wahesabu kura, katibu anasema alizitupa siku ile ile, na mhesabu mmoja ananiambia alizikabidhi zikiwa zimesainiwa.