Bidhaa ikiisha: kumwandikia mteja asubiri, au kumwacha aende?

MwenyeRafu:
Wakuu, naomba mnisaidie kulinganisha. Nina duka la vipuri vya mashine. Beringi namba 6204-2RS, ile yenye tundu la milimita 20 na mpira pande zote mbili, inatoka sana halafu inaniishia kabla mwezi haujakwisha. Mpaka sasa nikiishiwa nasema "imeisha, jaribu mbele", mteja anaondoka na habari inaishia hapo. Mwenzangu tunayeendesha naye duka anataka tufungue daftari la oda: mteja aandikwe, mzigo ukija apigiwe simu, yaani duka libaki na deni kwake. Mimi naogopa lawama mzigo ukichelewa.

Mwezi uliopita, siku 30, niliuza 84, na siku 9 kati ya hizo rafu ilikuwa tupu. Mzigo nikiagiza huchukua kama siku 10 kufika. Kipi bora?

MzeeKibubu:
Deni usikubali kabisa. Mimi niliwaandika mafundi watatu kwenye daftari kama hilo, leo simu zao hazipatikani. Kukopa harusi, kulipa matanga.

MwenyeRafu:
Mzee wangu, hapa anayedaiwa ni mimi. Mteja hajachukua kitu, anasubiri beringi ambayo sina.

MzeeKibubu:
Ahaa. Basi endeleeni, nilisoma juujuu.

OdaKwanza:
Mkuu, hilo halina mjadala. Andika kila anayekuja, chukua arubuni kidogo, mpe namba. Tangu nifungue daftari sijapoteza mauzo hata moja. Mteja akishaandikwa ni wako.

BibiGhala:
OdaKwanza, wangapi uliowapigia simu walikuja kuchukua? Nitarudi kwako.

Mwanangu MwenyeRafu, kabla hujachagua, itazame vizuri hiyo 84. Ukiigawa kwa siku 30 unapata 2.8 kwa siku, na nadhani ndiyo hesabu unayotumia. Lakini rafu ilikuwa na kitu siku 21 tu. 84 gawa kwa 21 ni 4. Huo ndio mwendo wa beringi yako. Zile siku 9 wateja walikuja kama kawaida, ila kitabu cha mauzo kinaandika kilichotoka, hakimwandiki aliyeuliza akageuka.

Sasa ona matokeo yake. Mzigo unachukua siku 10. Ukiamini 2.8, utaagiza rafu ikibakiwa na 28. Kwa mwendo wa 4, hizo 28 zinakwisha siku ya 7, na siku 3 zinazobaki unawaambia watu "imeisha" huku ukimlaumu msambazaji ambaye hajachelewa hata kidogo. Ulipaswa kuagiza zikibaki 40, na hapo sijaweka akiba ya siku atakapochelewa kweli.

Halafu niambie, unaagiza ngapi? Kuna wenye maduka wanaohakikisha kila mwezi unaanza na idadi ileile iliyouzwa mwezi uliopita. Mtu wa hivyo amejijengea dari. Akiuza 84, mwezi ujao hawezi kuuza 85 kwa sababu haimo dukani. Ukija mwezi mmoja mkavu akauza 70, anaanza unaofuata na 70, na hata wateja wakirudi wote hawezi kuvuka hapo. Dari inashuka, haipandi.

MwenyeRafu:
Bibi umenikamata. Ndivyo ninavyoagiza hasa, na nilikuwa najisifu kwamba sina mali iliyolala.

OdaKwanza:
Kwa hiyo tunakubaliana. Daftari la oda ndilo linalomhesabu aliyegeuka. Na kuhusu swali lako bibi, wengi wanakuja. Si wote, ila wengi.

FundiMota:
Naomba niseme kama mteja, maana mimi ndiye ninayeandikwa kwenye hayo madaftari yenu.

Mota ikiwa imefunguliwa juu ya meza, rota nje, na mwenyewe amesimama mlangoni anauliza itakuwa tayari saa ngapi, mimi sisubiri mzigo wa mtu. Nitaandika jina duka la kwanza kwa heshima, nitaandika la pili, na la tatu nikiikuta nanunua. Zile mbili wataendelea kuniwekea. Siku wakipiga simu nimeshasahau ilikuwa mota ya nani.

Lakini kuna kazi nyingine: kiwanda kinaniambia mwisho wa mwezi tutasimamisha mashine, uje ubadilishe beringi zote. Hapo nahitaji 12 kwa mpigo, na wiki mbili nasubiri bila tabu, mradi tarehe niliyopewa iwe ya kweli. Beringi ni ileile na mimi ni yuleyule. Usipouliza "ni ya lini?" huwezi kujua umesimama na nani.

Na jambo moja zaidi. Nikikosa beringi kwako, sinunui kwako sili wala grisi. Navichukua vyote nilikoipata.

BibiGhala:
Fundi amenisaidia. Kitabu cha mauzo kinahesabu pungufu, na daftari la oda linahesabu zaidi, kwa sababu beringi moja inaweza kuandikwa maduka matatu. Arubuni inapunguza hilo, nakubali, maana mtu haachi pesa sehemu tatu. Lakini inamfukuza yule mwenye mota mezani, na huyo nawe ulimwandika bure.

Kwa hiyo ukiishiwa, uliza kwanza anaihitaji lini. Ni ya leo? Mwambie ukweli, mpe mbadala kama upo, au mwelekeze inakopatikana. Huyo ameondoka, lakini mwekee alama kwenye karatasi ya kaunta: tarehe, namba ya beringi, idadi aliyotaka. Usimhesabu kama oda. Anaweza kusubiri? Huyo ndiye wa daftari, na akitaka nyingi kama hizo 12 chukua arubuni.

Tarehe usitoe ya kumfurahisha. Angalia mizigo yako ya karibuni ilichukua siku ngapi. Ukiona mara nyingi ni 10 lakini umewahi kupata 14, mwambie 14. Ikifika siku ya 10 utampigia mapema na atafurahi. Ukimwahidi 10 ikafika 14, ni lawama ile uliyoiogopa, na umeitafuta mwenyewe.

Sasa mahali wengi wanapoanguka: daftari likishafunguliwa, hesabu ya kuagiza inabadilika. Tuseme rafu ni tupu, zipo 50 njiani, na umewaahidi watu beringi 12. Mwenye haraka anasema "nina 50 zinakuja, kiwango changu ni 40, niko salama." Hayuko salama. Zile 12 zina wenyewe. Zake ni 38, ameshashuka chini ya 40, alipaswa kuagiza leo. Hesabu yako ni ya rafuni, jumlisha ya njiani, toa ulizoahidi. Yule anayewaacha wateja waende hana cha kutoa.

Na mzigo ukifika, zile 12 zisipande rafuni. Ziwekwe pembeni na majina juu yake kabla hujafungua mlango. Nimeona duka mzigo umeingia asubuhi, kijana wa kaunta akauza zote kwa waliopita njia, jioni wenye ahadi wanaingia mmoja mmoja. Hao huwapati tena. Afadhali ungewaambia "sina" tangu mwanzo.

OdaKwanza:
Hiyo ya kijana wa kaunta imenitokea, sitaki kuikumbuka. Ila bado nasema kumwachia mteja aende ni hasara tupu.

BibiGhala:
Ni hasara, lakini haina deni juu yake. Ukimwandika mtu umebeba kazi: simu, kuweka pembeni, kumkumbuka. Akiwa hana nia ya kusubiri, umebeba kazi na mauzo hukupata.

MwenyeRafu:
Wakuu narudi baada ya wiki mbili na ushee. Niliishiwa tena, safari hii siku 5, na nilibandika karatasi kaunta kama bibi alivyosema. Walioulizia walitaka beringi 19 kwa jumla. Gawa kwa 5, inakaribia 4 kwa siku. Nilikaa nikaitazama ile karatasi muda mrefu.

Katika hizo 19, nne wenyewe walikubali 6204-ZZ, ile yenye kifuniko cha bati badala ya mpira, maana mashine zao haziko kwenye maji. Nane ziliandikwa daftarini. Saba ziliondoka na wenyewe. Mzigo ulipofika niliweka nane pembeni, nikapiga simu: tano zimechukuliwa, tatu walikuwa wameshanunua. Hizo tatu nimezirudisha rafuni baada ya siku mbili.

Kwa hiyo daftari limeniokolea tano kati ya 19. Nilitegemea zaidi.

FundiMota:
Ungekuwa umeziandika zote 19 ungepiga simu kwa wote upate tano zilezile, labda sita.

BibiGhala:
Vizuri sana. Angalia zile nne za ZZ. Dukani hazikupotea, lakini kitabu kitasema ZZ imechangamka mwezi huu. Usiiagize zaidi kwa ajili hiyo. Zihesabu upande wa 2RS, ndiyo walioitaka. Na zile tatu zilizoachwa, zitoe kwenye daftari siku hiyohiyo, zisiendelee kuonekana kama deni, maana utaagiza juu ya watu ambao hawapo.

Tano kati ya 19 maana yake dawa yako kubwa si daftari, ni kuagiza mapema. Bidhaa inayosubiriwa na wengi unaweza kuiacha iishe kidogo bila maumivu. Hii yako watu wengi hawaisubiri.

MwenyeRafu:
Nimepandisha kiwango cha kuagizia hadi 52: zile 40 na siku 3 za akiba. Mwenzangu analalamika pesa imelala rafuni.

Swali langu la mwisho. Zikibaki 6 tu na mzigo uko mbali, nimuuzie yeyote anayeingia, au niwafichie mafundi wangu wa kila wiki?

OdaKwanza:
Ficha. Mpita njia hatarudi hata ukimpa.

FundiMota:
Mimi nilikuwa mpita njia kwenye maduka yote ninayonunua sasa. Na siku nikiona beringi kwenye boksi nyuma yako huku unaniambia imeisha, ndiyo basi.

BibiGhala:
Mimi nauza mbilimbili kwa kila mtu zikishafika 6, simfichi yeyote. Lakini nimewahi kumpoteza fundi mkubwa kwa sheria hiyo, alitaka nne. Sijui kama nilikosea.

MzeeKibubu:
Mwambie achukue mbili leo na mbili umwandikie. Sasa nimesoma vizuri.