Msaada wakuu: chati ya Pareto ya kasoro za kamba, tajiri anaitaka Jumatatu

MkaguziPongwe
Habari za jioni wakuu. Nasimamia ukaguzi kwenye kiwanda kidogo cha kamba za mkonge hapa Tanga. Tajiri anataka Jumatatu nimpelekee chati ya Pareto ya kasoro, ile ya nguzo zinazoshuka kutoka kubwa kwenda ndogo, na juu yake mstari wa asilimia unaojumlisha. Nimetoa hesabu kwenye daftari la mwezi uliopita, roli 240 za kamba zilizokataliwa:

Mafundo 84
Kamba nyembamba 60
Kukatika kwenye jaribio la kuvuta 48
Uzito pungufu 24
Madoa ya mafuta 14
Mengineyo 10

Nguzo zimekaa vizuri. Mstari ndio umelala chini kabisa, hauonekani. Nimehangaika nao tangu mchana. Naomba msaada, nina presha sana na hii kazi.

KijanaRaskazone
Dada, Pareto ni 80 kwa 20, usijichoshe. Piga mstari wa kulala kwenye asilimia 80. Nguzo zote za kushoto shughulika nazo, za kulia achana nazo. Kwako ni mafundo, nyembamba na kukatika. Anza na mafundo, umemaliza.

FundiKwaminchi
Mstari umelala kwa sababu asilimia zako zinasomeka kama 0.35, 0.60 na kuendelea, halafu Excel imezichora kwenye mhimili uleule unaofika 80 au 90 wa hesabu ya roli. Bonyeza mstari kitufe cha kulia, nenda `Format Data Series`, chagua `Secondary Axis`. Fomula ya safu ya asilimia ni hii, iandike C2 uishushe hadi C7:

```
=SUM($B$2:B2)/SUM($B$2:$B$7)
```

Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka. Mhimili wa kulia uwekee mwisho 1, maana Excel hupenda kuupeleka hadi asilimia 120, kitu ambacho hakipo. Mhimili wa kushoto uwekee mwisho 240, jumla ya roli zote. Hapo pande mbili zinasema lugha moja: nguzo ya mafundo ina 84, ambayo ni asilimia 35 ya 240, na nukta ya kwanza ya mstari itakaa sawasawa na kichwa cha nguzo hiyo. Isipokaa hapo, ujue kuna mhimili umeuacha vibaya.

Mdogo wangu wa Raskazone, hiyo 80 si sheria. Kuna kasoro ambazo zinagawana karibu sawa na mstari unapanda kama ngazi, hakuna ya kuongoza. Hapo chati inakwambia umegawa makundi vibaya, au tatizo halina kichwa.

MzeeWaMuheza
Mmenikumbusha mbali wanangu. Mkonge ulifika pwani hii mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe kule Pangani. Marehemu baba yangu alikata mkonge, mimi nikakaa korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge, nikiwa kijana. Wakati huo hatukuwa na chati. Mnyapara alishika singa, zile nyuzi za mkonge, mkononi, akazivuta, akakwambia hizi za leo zimekaa majini sana. Vijana wa sasa mnaangalia kompyuta kabla ya kuangalia singa.

MkaguziPongwe
Shikamoo mzee. Singa nazishika kila siku, ila tajiri haamini mkono wangu, anaamini karatasi.

FundiKwaminchi Mungu akubariki, mstari umeinuka. Nukta ya kwanza imekaa palepale uliposema. Sasa naomba mnisaidie maneno ya kuandika chini ya chati, kwamba mafundo ndiyo tatizo kubwa na yashughulikiwe kwanza.

MhasibuMabawa
Subiri kwanza dada. Roli lenye fundo mnalifanya nini? Na lililokatika mnalifanya nini?

MkaguziPongwe
La mafundo linarudishwa, kijana anakata fundo, anaunga upya, anakunja tena. Lililokatika linatupwa au linauzwa bei ya takataka. Lakini mimi nimeulizwa kasoro, sikuulizwa gharama.

BintiChumbageni
Samahani, mimi nina wasiwasi na huu uzi. Jumlisheni wenyewe: 35, 60, 80, 90. Daftari gani la kiwandani linatoa namba zilizonyooka hivi? Na nguzo tatu zigote kwenye 80 kamili? Nimesoma chuo, najua asainmenti nikiiona. Mwambie mwalimu wako akupe muda.

KijanaRaskazone
Duh. Kweli bwana. Tumepigwa hapa 😂

MzeeWaMuheza
Uongo mbaya. Kijana akisema hajui, anafundishwa.

MkaguziPongwe
Mimi sijadanganya mtu. Daftari ninalo mezani, la mistari mipana, kila roli inapigwa kijiti na cha tano kinakata vinne. Ukurasa wa wiki ya pili una alama ya mafuta ya mashine ambayo haifutiki. Na kama mnataka ushahidi, kila kijiti cha fundo nimekiandikia mashine. Mafundo 84, mashine namba 1 ni 20 na namba 2 ni 64. Mtu anayetunga angehangaika na hilo?

Na si kwamba nabahatisha ninaposema mafundo. Namba 2 flaya zake, zile zinazosokota kamba, zimechakaa, nimemwambia tajiri mwenyewe, na wiki iliyopita ameshatoa arbuni ya seti mpya kwa mtu wa Dar. Chati ni ya kumuonyesha kwamba pesa imekwenda mahali sahihi.

BintiChumbageni
Kwa hiyo uamuzi umeshafanyika, chati inakuja kuupigia mhuri. Hilo halikuwepo kwenye swali.

FundiKwaminchi
Sasa ndio tunaongea. Dada, mwezi ule namba 1 ilitoa roli ngapi kwa jumla, nzima na mbovu pamoja? Na namba 2?

MkaguziPongwe
Hilo lina uhusiano gani? 64 na 20, mtoto mdogo anaona.

FundiKwaminchi
Lina uhusiano wote. Naomba namba.

MkaguziPongwe
Namba 1 inafanya kazi mchana tu, ilitoa 800. Namba 2 usiku na mchana, 2,400.

FundiKwaminchi
Basi gawa. Namba 1: mafundo 20 kwa roli 800 ni asilimia 2.5. Namba 2: mafundo 64 kwa 2,400 ni kama asilimia 2.7. Mashine inayotoa mara tatu ya mwenzake imetoa mafundo kama mara tatu. Tofauti iliyobaki ni ndogo, na mwezi ujao inaweza kugeuka. Flaya zilizochakaa zingekuwa ndizo chanzo, namba 2 ingekuwa mbali zaidi. Mimi ningeangalia kitu ambacho mashine zote mbili wanakula: singa, uchanaji wake, namna vijana wanavyounga.

Nguzo inahesabu kilichotokea, haijui kilitokea kati ya vingapi.

MkaguziPongwe
Flaya zimechakaa, nimeziona kwa macho, zina mfereji kamba inapopita. Hata kama si mafundo zitaleta kitu kingine. Na arbuni hairudi.

FundiKwaminchi
Sijasema ni nzima. Zibadilishwe kama zimelika. Nimesema chati hii haithibitishi.

MhasibuMabawa
Narudi kwa langu. Nilifanya kiwanda cha sabuni kabla ya hapa. Tulipigana miezi na muhuri uliopinda, kwa sababu ndio ulikuwa nguzo ya kwanza, kumbe mche wenye muhuri mbaya unayeyushwa tena na hasara yake ni kuni tu. Mche uliopasuka kutoka ndani ndio ulikuwa unatumaliza, na ulikuwa nguzo ya nne. Dada, nipe gharama ya kila roli kwa makadirio.

MkaguziPongwe
Makadirio ya haraka: fundo 500, nyembamba 2,000 maana inauzwa daraja la chini, kukatika 9,000, uzito pungufu 1,000, madoa 3,000, mengineyo tuseme 1,000.

MhasibuMabawa
Haya. Mafundo 42,000. Nyembamba 120,000. Kukatika 432,000. Uzito 24,000. Madoa 42,000. Mengineyo 10,000. Jumla 670,000. Panga upya: kukatika peke yake ni asilimia 64 na ushee, ukiongeza nyembamba umefika 82. Mafundo, nguzo yako ya kwanza, yamebaki na asilimia 6.

Mpelekee tajiri chati mbili, ya hesabu na ya shilingi. Ya pili mhimili wa kushoto uishie 670,000.

KijanaRaskazone
Sasa si bado ni 80 kwa 20? Mbili kati ya sita.

FundiKwaminchi
Mbili kati ya sita ni theluthi, mdogo wangu. Na ukigawa "kukatika" mara mbili, kavu na mbichi, nguzo zinabadilika zote bila kamba hata moja kubadilika. Ndiyo maana nauliza makundi yametoka wapi.

Halafu hiyo "mengineyo" iache mwisho daima, hata siku ikizidi madoa. Chati ya Pareto iliyomo ndani ya Excel yenyewe itaipanga kwa ukubwa tu, kwa hiyo endelea kuchora kwa mkono. Ikianza kuzishinda nguzo za katikati, ifungue uone kilichojificha.

BintiChumbageni
Mimi bado namba zinanitatiza, ila nakubali mafundo ya mashine mbili si kitu cha kutunga. Swali: kukatika kunatokana na nini? "Kukatika" ni jinsi roli inavyofeli, si sababu.

MzeeWaMuheza
Singa fupi. Nimeshasema shikeni singa.

FundiKwaminchi
Mzee hapo yuko njiani. Singa za daraja la 3L hazitakiwi kuwa chini ya sentimita 90, za daraja la chini la UG zinashuka hadi 60. Ukichanganya bila kipimo, kuna sehemu singa hazishikani vya kutosha na uzi unaachia hapo. Dada, mnachanganya?

MkaguziPongwe
Tunachanganya, tangu 3L ilipopanda bei. Tajiri aliamua. Hilo sikutaka liingie kwenye chati, ndio ukweli.

MhasibuMabawa
Litaingia lenyewe.

MkaguziPongwe
Nimekwenda stoo asubuhi hii. Roli 48 zilizokatika, 31 zina kadi ya robota, 17 kadi zimepotea. Katika zile 31, 22 zimetoka kwenye mzigo mmoja wa UG ulioingia mwanzo wa mwezi. Nguzo imesimama yenyewe. Naichora hiyo kama chati ya tatu?

FundiKwaminchi
Kabla hujachora: mzigo huo ulitoa roli ngapi kwa jumla? Na zile 17 zisizo na kadi, zipe nguzo yao peke yake, usizigawe kwa kukisia.

MkaguziPongwe
Roli za mzigo huo hazikuhesabiwa peke yake. Nitamuuliza mtu wa mizani, yeye huandika marobota yanayoingia kwenye mashine ya kuchania.

MzeeWaMuheza
Mpime na unyevu wake. Mzigo wa mwanzo wa mwezi ulinyeshewa barabarani?