Picha tatu za viza ya Marekani: ipi tupakie?

Kaka_Majengo (Moshi)
Wakuu, mdogo wangu anajaza fomu ya DS-160, anakwenda kusoma. Picha zipo tatu. A kapigwa ukutani sebuleni, ukuta mweupe, katazama kamera sawasawa, mdomo kafunga, ila kichwa kimejaa mno. B ni ukuta uleule, kichwa saizi nzuri, lakini kuna kivuli nyuma ya sikio la kulia na kidevu kimeinuka. C ni ya studio hapa mjini, inang'aa kuliko zote, kitambaa cha bluu, na miwani yake. Mimi naona C.

Binti_Njiro
C bila kufikiri. Pasipoti yangu nilipigwa na bluu, Uhamiaji hawakuuliza kitu.

FundiPicha_Kaloleni
Dada, kwa pasipoti yetu uko sahihi, bluu iliyopauka ndiyo wanayoitaka. Wamarekani wanataka nyeupe au inayokaribia nyeupe, na miwani waliikataza tangu Novemba 2016, labda uwe na cheti cha daktari. C haifai kwa yote mawili.

B nayo usiihangaikie. Kivuli kile ukikifuta kwa apu, unakula ukingo wa sikio na nywele, ukiikuza tu panaonekana pamekatwa. Kidevu ndiyo kabisa hakirekebishiki.

A inaokoleka. Kichwa, kuanzia juu ya nywele hadi chini ya kidevu, kichukue asilimia 50 hadi 69 ya urefu wa picha. Chako kina pikseli ngapi?

Kaka_Majengo
450, picha ni 600 kwa 600.

FundiPicha_Kaloleni
Asilimia 75, imezidi. Achana na hiyo iliyokatwa, rudi kwenye picha ya awali ya simu. Kata mraba mpana zaidi, ukiushusha kuwa 600 kichwa kibaki kama 360. Macho yaangukie kati ya 336 na 414 ukihesabu kutoka chini. Iwe JPEG, isizidi 240 kB, na usimlainishe ngozi.

Ummu_Salma
Samahani nadandia. Mimi na ushungi wangu je, nivue?

FundiPicha_Kaloleni
Usivue, mama. Wa dini unaruhusiwa. Uso wote uonekane, na pindo lisitupe kivuli kwenye paji.

Kaka_Majengo
Nimekata: kichwa 362, macho 350. Ila kafunga rasta fundo utosini, nimelihesabu humo humo.

FundiPicha_Kaloleni
Ndivyo inavyopimwa, nywele zimo. Tatizo fundo linakula nafasi, uso wenyewe unabaki mdogo. Ningekuwa mimi ningemshusha rasta mgongoni, asimame hatua moja na nusu mbali na ukuta, uso uelekee dirishani, nipige upya. Ukuta ukiwa mbali, kivuli hakimfuati.

Binti_Njiro
Vipimo si vimetimia? Mimi ningepakia hiyo hiyo A.

FundiPicha_Kaloleni
Inaweza kupita, dada, sikatai. Lakini kupiga upya ni dakika kumi, na picha iwe ya ndani ya miezi 6. Kaka, A ni ya lini?

Kaka_Majengo
Ngoja nimuulize, huenda ni ya kabla ya Pasaka.