MREJESHO: Leja yangu iliyozidi kwa 400,000

Niliuliza: "Zoezi la duka la Arua. Urari wangu una debiti 3,150,000 na krediti 2,750,000. Nimekosea wapi?"

Ndugu zangu, asanteni sana. Aliyesema nigawanye tofauti kwa mbili ndiye aliyenifungua macho. Nusu ya 400,000 ni 200,000, nikatafuta muamala wa kiasi hicho. Kumbe ni sukari tuliyonunua kwa mkopo! Akaunti ya Manunuzi niliidebiti sawasawa, lakini na ya muuzaji nikaidebiti pia, wakati yeye ni mdai wetu na alistahili krediti. Nilipomhamisha, pande zote zikasoma 2,950,000.

Ushauri wa kuanza na Fedha Taslimu niliufuata pia. Debiti: mtaji 2,000,000 na mauzo 750,000. Krediti: kodi ya chumba 300,000 na baiskeli ya mizigo 350,000. Baki ya 2,100,000 nikaiandika krediti ili jumla zilingane kwa 2,750,000, kisha nikaishusha debiti kufungua mwezi mpya. Hapo zamani nilikuwa naisahau kuishusha.

Hata hivyo mwalimu alinikata alama. Baiskeli niliiweka kwenye Manunuzi, na hiyo ni akaunti ya bidhaa za kuuza tu. Ilitakiwa ipate akaunti yake kama mali ya duka. Urari haukuonyesha kosa hilo kwa sababu debiti ni debiti, hata ikiwa kwenye akaunti isiyo yake. Nimeshairekebisha.