Natetea tasnifu Alhamisi, mtahini ataniuliza nini?

Kibuyu_Mtupu: Wakuu, habari za jioni. Alhamisi natetea tasnifu ya umahiri wa uchumi: athari ya pesa za simu kwa matumizi ya kaya Tanzania. Data ni za NBS, ule utafiti wa NPS, 2012/13 na 2014/15. Matokeo yangu: pengo kati ya watumiaji na wasiotumia limepungua. Nimeeleza kwamba watumiaji wanabanwa na kutuma pesa kijijini. Nijiandae na maswali gani?

Mzee wa Kahawa: Suti tu, kijana. Mimi niliulizwa kwa nini nilihoji watu 40, nikajibu nauli iliisha. Wakacheka, nikapita.

Bi Takwimu: Kaya za awamu hizo mbili ni zilezile?

Kibuyu_Mtupu: Ni za mikoa ileile.

Bi Takwimu: Sijauliza mikoa.

Kibuyu_Mtupu: Nyingi ni mpya. Lakini nimeweka mkoa na mwaka kwenye modeli, Stata haikulalamika, na kitabu nimeshafunga.

Msomi Mbichi: Tatizo ni waliohama, wamepotea kwenye data.

Bi Takwimu: Hapana, NPS huwafuata hata waliohama. Ila 2014/15 sampuli kubwa ilichaguliwa upya, kaya za zamani zilizoendelea ni chache. Sasa tazama. Juma anatumia simu, matumizi yake 300,000 kwa mwezi. Asha hatumii, yake 100,000. Awamu ya pili Asha naye anajiunga, bado ni 100,000. Wastani wa watumiaji umetoka 300,000 hadi 200,000 na hakuna aliyepunguza hata shilingi. Hicho kijiji chako umekitunga, mdogo wangu.

Kibuyu_Mtupu: Lakini msimamizi alisoma na kusaini.

Chura wa Ubungo: Huu uzi ni chai. Kitabu hufungwa baada ya utetezi na masahihisho. Nahisi wewe ni mhadhiri unatafuta maswali ya bure.

Mzee wa Kahawa: Hahaha, mhadhiri gani ana muda huo?

Kibuyu_Mtupu: Nimefunga kwa springi, kaka, si jalada gumu. Usiniongezee presha.

Bi Takwimu: Mhadhiri au siyo, endesha kwa kaya za zamani peke yake.

Kibuyu_Mtupu: Nimerudi. Alama imegeuka: walioanza kutumia matumizi yao yamepanda kidogo, ila makadirio yamechanuka mno, hata sifuri imo ndani. Nifiche?

Bi Takwimu: Weka slaidi ya mwisho, uitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Na usishangilie hiyo chanya. Aliyejiunga huenda alipata kazi kwanza, ndipo akawa na pesa ya kuweka kwenye simu. Mtahini akikubana hapo, sema data zako haziwezi kutenganisha hayo mawili.

Msomi Mbichi: Si atumie umbali wa kaya hadi kwa wakala?

Bi Takwimu: Wakala hufuata barabara na soko. Na matumizi pia.

Kibuyu_Mtupu: Na neno "athari" kwenye jalada?

Chura wa Ubungo: Si umesema ni springi? Chomoa karatasi.