Kompyuta 10 za shule: mpya au mtumba? (Moshi)

Mwalimu_Himo: Wakuu, shikamooni. Shule yetu inafungua chumba cha kompyuta, mashine kumi za mezani. Nina profoma mbili: mpya zenye waranti ya mwaka mmoja, na Dell OptiPlex za mtumba zenye waranti ya miezi mitatu. Bodi inakaa Ijumaa. Mnashauri zipi?

Kijana_wa_Sakina: Marahaba mwalimu. Bei hujaweka, prosesa hujaweka, bajeti hujaweka. Tukushauri kwa ramli?

Mwalimu_Himo: Niwie radhi. Mpya ni 1,350,000 kila moja. Mtumba ni 580,000 pamoja na monita ya inchi 22: i5, ramu GB 8, SSD GB 256. Tuna milioni 7.5 tu. Wanafunzi ni kidato cha 1 hadi cha 4.

Kijana_wa_Sakina: Kwa hiyo mpya zimeshajitoa zenyewe, maana kumi ni milioni 13.5. Dai i7 hapo kwenye mtumba, i5 inachoka mapema.

Fundi_Majengo: Mdogo wangu, i7 ipi? Angalia tarakimu zinazofuata kistari. i5-8500 ni kizazi cha 8, i7-4790 ni cha 4. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 14, 2025. Hiyo i7 yako mwalimu ataipata kwa bei ya kutupa, na kuna sababu. Mwalimu, ukifika dukani washa kila mashine, bonyeza Windows na R, andika `tpm.msc`, uone kama toleo la TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, ni 2.0. Usikubali kuonyeshwa moja kwa niaba ya kumi.

Mama_Steshenari: Mimi hapa Mbauda natumia ya kizazi cha 4 mwaka wa sita, haijawahi kunisumbua. Ila printa siku hizi haionekani kabisa. Shida ni hiyo Windows?

Mhasibu_Mstaafu: Mwalimu, nikueleze yaliyotupata. Shule niliyokuwa nafanya kazi ilinunua kumi za mtumba, nafuu kweli, lakini kila moja na modeli yake. Mwezi wa nne umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, tatu zikafa. Fundi akasema ni pawa saplai, akaenda kununua za kawaida mjini. Hazikuingia! Plagi za ndani za Dell ni zake peke yake, na umbo la kasha ni tofauti. Akaunga nyaya kwa kukisia rangi, mazabodi moja ikaungua palepale. Kurudi kwa muuzaji Dar, akasema miezi mitatu imeisha, na hata ingekuwepo, kuungua kwa umeme hakumo. Tulikaa muhula mzima na mashine saba, wanafunzi watatu watatu.

Fundi_Majengo: Pole mzee wangu. Hapo ndipo bajeti ya vipuri inapoanzia: modeli moja kwa zote, halafu nunua ya kumi na moja bila monita. Isiwashwe. Hiyo ndiyo stoo yako ya pawa saplai, ramu, feni na diski, na kila kitu kinaingia bila adapta. Mashine ikikataa kuwaka, OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo nyuma ya pawa saplai. Kibonyeze mashine ikiwa kwenye umeme. Taa ya kijani ikiwaka, pawa saplai si mgonjwa. Isipowaka, chomoa plagi zake za ndani ujaribu tena. Ikiwaka sasa, kinachoivuta chini kiko kwenye mazabodi au diski.

Mwalimu_Himo: Nimempigia muuzaji, mashine bila monita ni 460,000. Jumla 6,260,000, inabaki 1,240,000. Lakini UPS ni 150,000, kumi haziingii.

Kijana_wa_Sakina: Weka Linux, usahau habari za kizazi. Hela ikabaki ya UPS.

Mwalimu_Himo: Mwalimu wa somo anafundishia Word na Excel, mdogo wangu. Nani atamfundisha yeye?

Fundi_Majengo: Linux haizuii pawa saplai kuungua. Mimi ningenunua UPS nane, mbili zisubiri.

Mhasibu_Mstaafu: Mimi ningeziacha UPS, maana betri zake zinachoka baada ya miaka miwili mitatu na hakuna anayezitengea hela. Stabilaiza moja kubwa ya chumba, na mtu wa kuzima swichi kuu umeme ukikatika.

Fundi_Majengo: Mtu huyo akienda likizo, mzee?

Mhasibu_Mstaafu: Basi waranti iandikwe: siku ngapi kubadilishiwa, na nani analipia mzigo wa basi kwenda Dar na kurudi. Kwetu tulilipa sisi.

Mwalimu_Himo: Muuzaji anasema modeli moja anazo tisa tu.

Kijana_wa_Sakina: Ndiyo hapo sasa.

Mama_Steshenari: Na printa yangu jamani?