Ukurasa wa bidhaa kwenye simu: tukate maelezo au tuyakunje?

fundi_duka: Wakuu, nauza begi la mgongoni mtandaoni. Maelezo yake yana aya saba. Kwenye kompyuta yanasomeka vizuri, ila kwenye simu mteja anaskroli mpaka achoke kabla ya kukutana na kitufe cha kununua. Naona njia mbili: nifiche aya tano zisionekane kabisa kwenye simu, au nizikunje chini ya "Soma zaidi". Ipi bora?

Mzee wa Kodi: Kata. Kilichokunjwa Google haikihesabu, kwa hiyo hupati faida yoyote.

Bi Tausi: Punguza uzito wa picha kwanza. Ukurasa wangu ulikuwa unafunguka kwa kujikongoja, nilipopunguza picha ukawa mwepesi.

fundi_duka: Asante dada, ila wangu unafunguka haraka. Shida ni maneno.

Nahodha: Mzee, hilo la kutohesabiwa lilikuwa na ukweli zamani. Siku hizi Google inapima ukurasa kwa toleo la simu, na maandishi yaliyokunjwa kwa ajili ya nafasi inayahesabu, mradi yamo ndani ya ukurasa tangu unafunguka. Hatari iko kwenye kukata: ukiyaondoa kwenye toleo la simu, ni kama hayapo, hata kama kwenye kompyuta yapo.

Ila fundi, "Soma zaidi" haimwambii mtu kitu, wengi wataipita. Fungua meseji za wateja uone wanauliza nini kabla ya kulipa. Kwa begi, nadhani ni mawili: kompyuta yangu inaingia? Mvua ikinyesha? Majibu hayo yakae juu ya kitufe, mstari mmoja mmoja, pamoja na mpaka wake: "Linahimili mvua, si la kuzamisha majini." Ukikata huo mpaka ili maneno yapungue, begi litarudishwa.

Yaliyobaki kunja, lakini kichwa cha kila sehemu kibebe jibu lenyewe:

```html
<details>
  <summary>Inaingia kompyuta hadi inchi 15.6</summary>
  <p>Mfuko wa ndani una sponji pande zote...</p>
</details>
```

Asiyegusa ameshapata jambo kuu. Anayetaka vipimo kamili anafungua.

fundi_duka: Nimepitia meseji. La kompyuta umepatia, wanauliza kila mara. La mvua karibu hakuna. Wanauliza zipu!

Nahodha: Basi zipu ipande juu. Mvua iwe kichwa cha sehemu iliyokunjwa, na ule mpaka uwe humohumo kwenye kichwa, usiuzike ndani.

Mzee wa Kodi: Sawa kwa Google. Lakini mimi mwenyewe nikiona mishale ya kufungua sifungui hata mmoja. Waranti nisingeikunja.

Nahodha: Hapo mkuu sikupingi wala sikukubali. Inategemea kama wanaonunua ni wageni au wanaorudi. Fundi, unaweza kuwatenganisha kwenye takwimu zako?

fundi_duka: Bado, duka langu linawachanganya wote.